Nyumba ya mlimani ndani ya ukungu wa asubuhi: mwongozo kamili wa kuipiga picha Usambara

Kila msimu wa kipupwe picha za Lushoto hujaa mitandaoni, na nyingi zimeharibika kwa namna mbili zilezile. Katika kundi la kwanza ukungu umemeza kila kitu: unajua pana nyumba kwa sababu aliyepiga amekuambia. Katika kundi la pili nyumba imekolea, lakini ukungu umekufa. Mabonde yamekuwa kijivu kimoja, milima ya nyuma imegandana, na paa limezungukwa na mstari mweupe wa ajabu.

Makundi haya mawili yana chanzo kimoja. Mpiga picha amesimama penye ukungu mwingi kati yake na nyumba, kisha ama ameiacha picha hivyo, ama amejaribu kuukata ukungu kwenye simu baada ya kurudi nyumbani. Lakini ukungu ulio mbele ya nyumba hauondoki bila kuondoka na ule wa nyuma yake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi inafanyika kwa miguu, kabla kamera haijawashwa, na mwongozo huu utakaa hapo muda mrefu kuliko kwenye mitambo.

Nimeuandika kwa kufikiria Usambara ya Magharibi, mkoani Tanga: Lushoto, Soni, Magamba, Irente hadi Mtae, ambako nyumba zimekaa kwenye miteremko na mabonde yako chini yake. Hatua ni zilezile kwenye kilima chochote.

## Vitu vya kuwa navyo

Kamera yoyote inayokuruhusu kupanga mwanga mwenyewe, au simu yenye sehemu ya "Pro" au inayoweza kuhifadhi picha za RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalibana. RAW ni muhimu hapa kuliko kwenye picha ya kawaida, na sababu yake utaiona kwenye hatua ya saba.

Lenzi ya kati. Milimita 50 hadi 85 kwa kamera ya sensa kubwa, au 35 hadi 55 kwa kamera ndogo za kawaida. Kwa simu, tumia lenzi ya 2x, siyo ile pana.

Stendi ya miguu mitatu. Alfajiri mwanga ni mdogo, na mkono uliotetemeka kidogo tu hulainisha ukingo wa paa, ambao ndio tunaoutafuta.

Vitambaa viwili vikavu vya kufutia lenzi, kimoja kibaki mfukoni hadi cha kwanza kilowe. Kofia ya lenzi, mfuko wa nailoni wa kufunika kamera, tochi, na viatu vinavyoshika udongo. Njia za mashambani kule huteleza kwa umande hata kama mvua haijanyesha.

## Hatua ya 1: Jua ni ukungu gani umeamka nao

Usambara ina ukungu wa aina mbili, na ni mmoja tu unaotupa matabaka kwa uhakika.

Wa kwanza ni ukungu wa bondeni. Unazaliwa usiku ukiwa mtulivu, anga safi, na baridi kali, hasa Juni hadi Agosti. Ardhi inapoteza joto, hewa iliyo juu yake inapoa, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito inateremka na kulala bondeni. Asubuhi unaukuta umetulia, juu yake pamenyooka, vilele vya miti vimechomoza. Jua likishapanda unaanza kumeguka, na mara nyingi kufikia saa mbili au saa tatu asubuhi umekwisha.

Wa pili hasa ni wingu. Hewa yenye unyevu inatoka Bahari ya Hindi, inagonga milima, inapanda, inapoa na kugeuka mawingu yanayopita juu ya migongo ya milima. Huu una upepo, unalowesha nguo, unakuja na kuondoka. Dakika hii unaiona nyumba, dakika ijayo huoni hata uzio wake.

Namna ya kutambua ni rahisi. Simama tuli dakika tano utazame mti mmoja ulio mbali. Ukibaki jinsi ulivyo, au ukibadilika polepole sana, uko kwenye ukungu wa bondeni, na una muda wa kuchagua mahali. Ukitokea na kupotea mara kwa mara, uko ndani ya wingu. Hapo weka kamera kwenye stendi mapema, kila kitu kiwe tayari, na usubiri lipasuke. Usihangaike kutembea huku na huku, maana wingu linabadilika kabla hujafika.

Mchana wa jana yake nao unasema. Jioni iliyokuwa safi, isiyo na upepo, baada ya siku chache za mvua iliyolowesha ardhi, huahidi ukungu wa bondeni kuliko jioni ya upepo.

## Hatua ya 2: Pima ukungu kwa miguu

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoamua picha.

Ukungu haupunguzi uwazi kidogo kidogo kwa kiasi kilekile. Kila hatua unayorudi nyuma unaongeza pazia jingine, na kila pazia linakata sehemu ya kile kilichobaki, ndiyo maana vitu hupotea ghafla kuliko unavyotarajia. Wataalamu wa hali ya hewa wana hesabu ya jambo hili, lakini kwetu inatosha kujua matokeo yake.

Tafuta kitu cheusi kilicho mbali kabisa ambacho bado unakiona kwa shida, kama shina la mkaratusi au kona ya nyumba nyingine. Kadiria umbali wake. Huo uite mwisho wa macho. Pale kwenye mwisho wa macho, tofauti kati ya kitu cheusi na ukungu uliokizunguka imebaki kama sehemu moja tu ya hamsini ya ilivyokuwa.

Sasa rudi karibu. Kwenye nusu ya umbali huo, imebaki sehemu moja ya saba. Kwenye robo, imebaki zaidi kidogo ya thuluthi moja. Kwenye robo tatu, ni kama moja ya ishirini.

Hapo ndipo kanuni yetu inapotoka: nyumba ikae kwenye robo ya mwisho wa macho, au karibu zaidi. Matabaka ya nyuma yakae kwenye nusu na kwenye robo tatu. Nyumba itakuwa na nguvu ya kutosha kusomeka, mti wa nusu utafifia waziwazi, na kilima cha robo tatu kitakuwa kivuli tu. Hayo ndiyo matabaka, na hukuyachora wewe. Umeyachagua kwa mahali uliposimama.

Kwa mfano, tuseme uko kwenye njia iliyo juu ya nyumba ya mabati, kuta za rangi ya krimu, bonde likiwa nyuma yake. Mti wa mwisho unaouona uko kama mita 240. Robo yake ni mita 60. Hatua ya mtu mzima anayetembea kawaida ni karibu sentimita 75, kwa hiyo hesabu hatua 80 kutoka kwenye nyumba. Ukijikuta kwenye hatua 160, uko kwenye nusu, na hiyo ndiyo picha ya nyumba iliyomezwa.

Umbali huu ni wa juu kabisa. Nyumba ikikaa hatua 40, bado ni sawa, ilimradi fremu ibaki na nafasi ya nyuma. Kinachoharibu ni kuzidisha. Na ukungu ukianza kumeguka, mwisho wa macho unasogea mbali, kwa hiyo pima upya kila baada ya robo saa.

Onyo kidogo: kupima huku kunakupitisha kwenye mashamba na karibu na nyumba za watu kabla hakujapambazuka. Piga hodi, amkia, eleza unachofanya. Wazee wa kule hawana shida na picha, ila mtu anayezungukazunguka gizani na tochi ni jambo jingine. Zaidi ya hapo, mwenye nyumba ndiye anayejua ukungu wa bonde lake hutoka upande gani, na swali moja baada ya shikamoo linaweza kukuokolea asubuhi nzima.

## Hatua ya 3: Angalia kila ukingo wa paa umelalia nini

Umbali umepatikana. Sasa swali la pili: ukingo wa nyumba unaonekana kwa sababu gani? Kwa sababu kilicho nyuma yake kina mwanga tofauti nacho. Hakuna sababu nyingine. Lenzi ya gharama yoyote haitatenganisha kijivu na kijivu kinachofanana nacho.

Kwetu tatizo kubwa ni mabati. Mabati yasiyopakwa rangi, yakilowa umande, yanaakisi anga. Asubuhi ya ukungu anga ni kijivu cheupe, basi na paa linakuwa kijivu cheupe. Ukisimama chini ya nyumba ukaitazama juu, paa linaangukia kwenye anga lenye rangi ileile na linatoweka, ukabaki na kuta zisizo na kichwa.

Turudi kwenye nyumba yetu ya mita 60. Kutoka chini, paa linapotea. Ukipanda mteremko hadi macho yako yapite kidogo usawa wa paa, mstari wa juu wa bati unaacha anga na kulala juu ya miti iliyo ng'ambo, iliyofifia lakini bado myeusi kuliko bati. Mara moja paa linachoreka. Ni mita tano tu za kupanda, na haziongezi wala kupunguza ukungu wowote.

Nyumba ya vigae vyekundu au bati lililopakwa rangi ya kahawia ni kinyume chake. Hiyo ina giza la kutosha, inapenda kuwekwa dhidi ya ukungu mweupe. Unaweza kuipiga hata kutoka chini. Kuta nyeupe zinataka miti nyuma yake, na kuta za udongo au tofali la kuchoma zinataka ukungu.

Fanya hivi: fuata ukingo wa nyumba kwa macho, kuanzia msingi wa kushoto, ukuta, kona ya paa, kilele, kona ya pili, hadi chini kulia. Kila unapopita jiulize kama nyuma yake pana giza zaidi au mwanga zaidi. Ukifika mahali ambapo huwezi kujibu, pale ndipo patakapopotea. Sogea mita moja kushoto au kulia, au inama, uangalie tena. Si lazima ukingo wote utengane. Kona mbili za paa, kilele na ukuta mmoja wa wima zikitengana, jicho la mtazamaji linajaza lililobaki lenyewe.

Jambo moja linalochanganya wengi ni moshi wa jikoni. Saa hizo jiko limeshawashwa, na moshi unapenya kwenye mwanya wa paa. Kwa macho unaonekana kama sehemu ya ukungu, lakini una rangi ya bluu kidogo na unafunika hasa ukingo tunaoutaka. Ukipanda wima ni mzuri, uache. Ukilalia paa, subiri. Moto ukishashika vizuri moshi hupungua.

## Hatua ya 4: Chagua upande wa mwanga

Hapa sitakaa sana. Katikati ya Julai jua la Lushoto linachomoza karibu saa 12:35 asubuhi, likiwa limeegemea kaskazini ya mashariki. Desemba ni karibu saa 12:10, likiwa limeegemea kusini. Milima hulichelewesha zaidi, kwa hiyo nyumba iliyo upande wa magharibi wa mlima inaweza kukaa kivulini muda mrefu baada ya hapo.

Wakati mzuri zaidi kwa kazi hii ni kuanzia kama dakika 20 kabla ya jua kuchomoza hadi pale mwale wa kwanza unapougusa ukungu. Kabla ya jua, mwanga ni sawa pande zote na matabaka yanatulia. Mwale ukiingia kutoka ubavuni, ukuta mmoja unapata mwanga na mwingine kivuli, kona ya nyumba inakuwa kali yenyewe. Huo ndio mwanga ninaoupendelea.

Kulielekea jua moja kwa moja kunang'arisha ukungu vizuri mno, lakini nyumba inakuwa kivuli cheusi bila madirisha wala milango. Kama umbo la nyumba ni zuri, sawa. Kama unataka watu waone ni nyumba ya namna gani, kaa na mwanga wa ubavuni. Jua likiwa mgongoni kwako ukungu unakuwa bapa, mweupe mtupu, na matabaka yanakufa.

## Hatua ya 5: Panga kamera

Kwanza, acha lenzi izoee hewa ya nje. Kamera iliyo baridi kuliko hewa ya nje, kama iliyotoka ndani ya gari lenye kiyoyozi, itashika mvuke, na mvuke kwenye kioo unafanana kabisa na ukungu kwenye skrini ndogo. Iache nje, ndani ya begi lake, kwa nusu saa kabla ya kuanza. Kisha imulike lenzi kwa tochi kutoka pembeni. Kioo kikionyesha utando, futa.

Tundu la lenzi: f/8. Watu wengi wanataka ulaini wa nyuma, basi wanafungua hadi f/1.8 au wanawasha ile "Portrait" ya simu. Usifanye hivyo. Ulaini wa matabaka unatokana na ukungu, hautokani na kutia ukungu wa lenzi. Ukiwa mita 60 na lenzi ya milimita 60 kwenye f/8, kwa kamera ya sensa kubwa, kila kitu kuanzia kama mita 12 hadi upeo wa macho kitakuwa kikali, na hicho ndicho tunachotaka. Miti ya nyuma inabaki na umbo la miti, ila imefifia. Picha ya "Portrait" inaigeuza kuwa madoa, tena simu hukosea ukingo wa paa na kukata kipande chake.

ISO 100 au 200. Ukungu ni eneo kubwa tupu, na chembechembe huonekana hapo kuliko mahali popote.

Kasi ya shata itajipanga yenyewe. Inaweza kufika 1/15 au hata nusu sekunde kabla ya jua, na kwa stendi hakuna tatizo. Tumia saa ya sekunde 2 ili kidole chako kisitikise kamera. Ikiwa kuna migomba karibu na upepo unaicheza, pandisha ISO hadi 400 ili shata iende haraka zaidi.

Rangi ya mwanga isiachwe otomatiki. Kamera huuona ukungu wa bluu ya alfajiri kama kosa na kuusahihisha, picha moja ikawa ya njano na nyingine ya kijivu. Weka alama ya jua, au 5200 hadi 5500 K, uiache hapo asubuhi nzima.

Kiasi cha mwanga: ongeza. Kamera inadhani kila inachokiona ni kijivu cha wastani. Ukungu ni mweupe, basi inaupunguza hadi uwe kijivu, na nyumba inazama gizani. Sogeza fidia ya mwanga hadi +0.7, kisha +1, ukitazama histogramu, ule mchoro unaoonyesha giza la picha kushoto na mwanga wake kulia. Kilima kikubwa cha histogramu kinatakiwa kukaa kwenye theluthi ya kulia bila kugusa ukuta wa kulia. Kikigusa, matabaka ya mbali yamekwisha kuwa karatasi tupu, na hakuna programu itakayoyarudisha. Ukiwa na shaka piga tatu: +0.3, +0.7 na +1.

Kwa simu, zima "Night mode" na "HDR". Zote mbili huunganisha picha kadhaa na kusawazisha mwanga, na zinaweza kufuta tofauti ndogo za mwangaza. Matabaka ya ukungu ndiyo hizo tofauti ndogo.

## Hatua ya 6: Lenga ukingo, si ukuta

Fokasi otomatiki inahitaji mahali penye giza na mwanga vinavyokutana. Ukiielekeza kwenye ukuta mtupu ndani ya ukungu, lenzi itakwenda mbele na nyuma bila kushika, na ikishika inaweza kushika jani lililo karibu nawe.

Chagua nukta moja ya fokasi. Iweke kwenye kona ya paa au fremu ya dirisha. Ikishika, hamisha lenzi kwenye fokasi ya mkono ili isibadilike, kisha kuza picha kwenye skrini hadi uone mawimbi ya bati. Zungusha pete kidogo mbele na nyuma uone ni wapi mawimbi yanakuwa makali. Kwenye simu, bonyeza na ushikilie kidole kwenye kona ya paa hadi fokasi ijifunge, kisha buruta kidole kurekebisha mwanga.

Utajua umefaulu ukikuza picha uliyopiga ukahesabu mistari ya bati karibu na kilele. Ikihesabika, endelea. Isipohesabika, angalia kwanza kama lenzi imeshika utando, kabla hujailaumu fokasi.

Kuhusu fremu: nyumba ichukue kama theluthi moja ya upana, isikae katikati kabisa, na upande wenye bonde uachiwe nafasi kubwa. Nyumba ya upana wa mita 12, ukiwa mita 60, inafikia theluthi hiyo kwa lenzi ya milimita 60 kwenye kamera ya sensa kubwa. Lenzi pana inajaza picha kwa anga na majani ya karibu. Lenzi ndefu sana inakulazimisha kurudi nyuma, na tumeshaona kurudi nyuma kunagharimu nini. Kitu cheusi kilicho karibu nawe, kama tawi au jani la mgomba, kitakuwa cheusi kuliko nyumba na kitaiba macho. Kitoe kwenye fremu, au kibaki chini kabisa ukingoni.

## Hatua ya 7: Kusafisha picha bila kuua ukungu

Kosa la kawaida ni moja: kuvuta "Dehaze" hadi +40 kwenye picha nzima. Kitelezo hicho kinatafuta kila palipofifia na kupakoleza. Tabaka la tatu linafanana na la pili, la pili na la kwanza, la kwanza linafanana na nyumba, na kina chote cha picha kinabanwa.

Gawa picha sehemu mbili. Kwenye programu ya Lightroom tengeneza maski, yaani eneo lililochaguliwa, ya nyumba peke yake, kwa "Brush" au kwa kuchagua kitu. Ndani ya maski weka hivi, kisha rekebisha kwa macho:

- "Texture" +20
- "Clarity" +15
- "Dehaze" +5 hadi +10
- "Blacks" −10

Kisha tengeneza maski ya pili ya eneo la nyuma, "Clarity" −10, basi. Usiguse "Dehaze" huko.

Kuza hadi 100% uzunguke ukingo wa paa. Ukiona mstari mweupe umelizunguka, maski imemwagika nje ya nyumba au "Clarity" imezidi. Futa kilichomwagika kwa "Subtract", na "Clarity" ishushe hadi mstari upotee.

Ukali wa mwisho uende kwenye mistari tu. Kwenye "Sharpening", shikilia kitufe cha Alt kwenye kompyuta huku ukivuta "Masking". Skrini inakuwa nyeusi na nyeupe, na panapoonekana peupe ndipo panapokolezwa. Vuta hadi ukungu wote uwe mweusi na mistari ya nyumba ibaki nyeupe, mara nyingi ni karibu 70 hadi 80.

Kama unatumia Snapseed kwenye simu, njia fupi ni "Selective". Weka nukta kwenye nyumba, bana vidole kupunguza eneo hadi litoshe nyumba, kisha ongeza "Structure" na "Contrast" kwa kiasi. Usitumie vichujio vya jumla vya kukoleza picha nzima.

Sasa ile sababu ya RAW. Ukungu hupanda kutoka kijivu hadi cheupe taratibu mno. Faili ya kawaida ya JPEG ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi. Ukizivuta kwenye uhariri zinaachana, na unaona mistari kama ngazi kwenye anga. RAW ina ngazi nyingi zaidi, kwa hiyo inavumilia. Mistari ikijitokeza hata hivyo, ongeza "Grain" 10 hadi 15, inaivunja bila kuonekana.

## Hatua ya 8: Kagua matabaka kwa namba

Macho huzoea picha uliyoitazama kwa saa nzima, kwa hiyo yasaidie kwa vipimo. Kwenye Lightroom Classic ya kompyuta, ukipitisha kielekezi juu ya picha, chini ya histogramu zinatokea asilimia za mwanga. Pima kuta zenye kivuli za nyumba, kisha tabaka la kwanza, la pili, la tatu, na anga.

Picha nzuri ya nyumba yetu ya mfano inaweza kusoma hivi: kivuli cha ukuta 25, miti ya tabaka la kwanza 50, kilima cha pili 64, cha tatu 75, anga 86. Muhimu ni mwachano, siyo namba zenyewe. Tabaka moja na lingine yakikaribiana chini ya asilimia 8, kwenye skrini ya simu juani yataonekana kitu kimoja. Bati letu lenye 80 likilala juu ya miti ya 50, linachoreka. Likilala juu ya anga la 86, limepotea, na hapo ni afadhali urudi kesho upande mita tano kuliko kulipaka.

Kisha ipunguze picha hadi ukubwa wa stempu. Kama bado unaona paa, ukuta mmoja na angalau ngazi mbili nyuma yake, imekamilika.

## Hatua ya 9: Kuitoa na kuituma

Toa JPEG kwa ubora wa 85 au zaidi. Chini ya hapo ngazi za ukungu zinarudi. Ukituma WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa, na sehemu inayoumia kwanza ni anga laini. Tuma kama "Document", na umwambie anayepokea aihifadhi kabla ya kuituma tena.

Kwa kuchapisha, omba karatasi isiyong'aa. Karatasi ya kung'aa inaakisi taa za chumba juu ya maeneo meupe, na tabaka la tatu ndilo linalopotea hapo. Kabla ya kulipia picha kubwa, chapisha kipande kidogo chenye ukingo wa paa na anga ya nyuma yake. Tofauti hiyo ikipotea kwenye karatasi, shusha mwanga wa anga kidogo kwenye faili, karibu asilimia 3 hadi 5, uchapishe kipande tena.